Rongai Ilikuwa Inakufa na Ripoti Yangu Ilikuwa ya Kijani

Nianze na kukiri. Kuna siku nilimtumia bosi ripoti ya matangazo nikiwa najisikia mwanaume kabisa. Bei ya kila chati ilikuwa imeshuka, namba zote zilikuwa zinapendeza, hadi nikapiga skrinishoti nikaweka kwa stetasi. Siku tatu baadaye dada mmoja anayesuka tawi la Rongai akanipigia simu. Hakusalimia sana. Aliniuliza tu, "Wewe kijana wa matangazo, kwani sisi huku ulitutoa? Tangu Jumatatu nimesuka watu wawili."

Nilimwambia hapana, mko ndani. Na kweli walikuwa ndani. Pini ya Rongai ilikuwa kwa ramani, naiona na macho yangu. Lakini yeye pia alikuwa anasema ukweli, viti vilikuwa vitupu. Na kitu ambacho hakujua, mimi najua, ni kwamba kodi ya lile duka ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi, na bosi alikuwa ananingojea mimi nimwambie kama Rongai ina wateja au haina.

Hii stori naiandika kwa sababu najua wengi wenu siku hizi mnashikia watu kurasa zao. Mjomba ana duka la viatu, jirani ana hoteli, wanakupea simu wanakuambia "weka hiyo tangazo." Ikiwa duka ni moja, utabahatisha na utapona. Ikiwa ni matawi kadhaa, kuna swali moja litakuumiza kichwa: utengeneze kampeni ya kila tawi, ama uweke yote pamoja? Mimi nilikosea pande zote mbili kabla nielewe.

Biashara yenyewe ni saluni ya kusuka. Matawi manne: Roysambu, Umoja, Rongai na Nakuru. Matangazo tulikuwa tunaweka Facebook na Instagram, yale ambayo mtu akibonyeza anaingia WhatsApp kuongea na saluni. Bajeti ilikuwa 1,600 kwa siku, yote pamoja. Kwa kampuni kubwa hiyo ni pesa ya chai. Kwa Madam, hiyo ni mshahara wa mtu.

Kosa la kwanza: kila mtu na chumba chake

Nilianza na kile kila mtu angefanya. Matawi manne, kampeni nne, 400 kila moja. Niliona ni haki. Hakuna tawi litakula pesa ya lingine, na ripoti itakuwa wazi.

Wiki ikapita, na kando ya kila tangazo kukatokea maneno *Learning limited*. Sikuyajali, nikadhani ni onyo tu la kunitisha niongeze pesa. Lakini bei ilikuwa inaruka kama matatu ya Rongai. Leo chati ni 50, kesho ni 140, na hakuna kitu nimebadilisha. Nikishtuka nabadilisha picha. Ikikataa nabadilisha umri. Kila siku niko ndani nikichokora.

Kumbe mfumo wa Meta huwa na kipindi cha kujifunza. Unapoweka tangazo jipya, hauna habari ni nani hasa atabonyeza. Unajaribu huyu, unajaribu yule, na kila mtu akianzisha chati unapata fununu. Meta wenyewe wanasema tangazo linahitaji kama matokeo 50 ndani ya siku 7 ndipo litulie. Usipofika, linaendelea kukimbia, lakini linabahatisha. Na ukifanya mabadiliko makubwa, hesabu inaanza tena sifuri. Kwa hivyo kule kuchokora kwangu kwa kila siku ndiko kulikuwa kunarudisha mwanafunzi darasa la kwanza.

Sasa weka hesabu. Roysambu chati ilikuwa inanipata kama 65. Pesa ya wiki ni 2,800, kwa hivyo chati 43. Rongai chati ilikuwa 100, kwa hivyo chati 28. Umoja ilikuwa 70 na Nakuru 100 pia. Hakuna hata moja iliyogusa 50. Ukitaka kujua pesa ambayo tawi linahitaji kwa siku ili lijitegemee, ni hii tu:

```
bei ya chati × 50 ÷ 7
```

Rongai peke yake ilihitaji kama 714 kwa siku. Ukijumlisha matawi yote manne unapata karibu 2,400. Mimi nilikuwa na 1,600. Yaani hata ningekesha, mpango wangu ulikuwa umeshindwa kabla sijabonyeza kuchapisha.

Hapa kuna kitu watu wengi huchanganya, tafadhali shika polepole. Kwa Meta kuna ngazi tatu. Juu kuna kampeni, inayobeba lengo lako. Katikati kuna *Ad set*, ndiyo inabeba mahali, umri na siku. Chini kuna tangazo lenyewe, picha na maneno. Ile hesabu ya 50 inafanywa kwa *Ad set*, si kwa kampeni. Kwa hivyo ukichukua kampeni nne ukazigeuza kuwa kampeni moja yenye *Ad set* nne, umepanga kabati tu. Kwa upande wa kujifunza hujabadilisha chochote. Swali halisi si "kampeni ngapi?" Swali ni "mahali hapa nimepagawa kwa vikundi vingapi?"

Kosa la pili: wote sufuria moja

Nilipoelewa hivyo nikaruka hadi upande wa pili wa barabara bila kuangalia magari. Kampeni moja, *Ad set* moja, pini nne kwa ramani, 1,600 yote ndani. Na manze, ilifanya kazi. Ndani ya siku chache ile alama ya kujifunza ikapotea. Bei ya chati ikashuka hadi 50. Wiki mbili, pesa 22,400, chati 448. Hiyo ndiyo ripoti niliyomtumia Madam, na ndiyo niliyoweka kwa stetasi.

Halafu ile simu ya Rongai ikaja.

Nikaingia kwa *Ads Manager* kutafuta kila tawi limepata nini. Ripoti inaweza kukugawia kwa eneo, lakini eneo lenyewe ni kubwa. Haikushukii hadi mtaa, ikuambie huyu ni wa Umoja na huyu wa Roysambu. Nikabaki na njia ya wazee wetu. Chati zote zilikuwa zinaingia namba moja, inayoshikwa na dada wa mapokezi. Nikaenda Roysambu Jumapili, nikakaa naye kwa benchi, tukasoma chati moja moja huku naandika kwa daftari. Watu karibu wote husema wako wapi, kwa sababu swali lao la kwanza au la pili ni "mko wapi?"

Roysambu 260. Umoja 120. Nakuru 46. Rongai 22.

Chati 22 kwa wiki mbili. Wakati ilikuwa na pesa yake, Rongai ilikuwa inapata 28 kwa wiki moja.

Hakuna mtu aliichukia Rongai. Mfumo ulifanya kile nilichoutuma. Niliuambia uniletee chati nyingi kwa pesa ndogo, ukaangalia pini nne, ukaona za Roysambu ni bei rahisi, ukaenda kumwaga pesa huko. Na Roysambu itakuwa rahisi daima. Kuna wanafunzi wengi, simu ziko mkononi saa sita usiku, na barabara ya Thika inapitisha umati kila siku. Meta inapohesabu watu wa mahali, inaweka wanaoishi hapo na pia waliokuwa hapo karibuni. Kwa hivyo mtu wa Juja aliyepita na matatu anaweza kuhesabiwa wa Roysambu, aulize bei, na asije milele.

Hapo ndipo nikamuuliza yule dada swali ambalo ningeuliza mwezi mzima uliopita: kati ya hawa, ni nani walikuja wakakaa kwa kiti? Tukatoa kitabu cha miadi cha kila tawi, na tukalinganisha na pesa zilizoingia till, kwa sababu kila tawi lina till yake.

Roysambu, kati ya 260 walikuja 13. Umoja, kati ya 120 walikuja 15. Nakuru, kati ya 46 walikuja 12. Rongai, kati ya 22 walikuja 8.

Soma tena hiyo ya Roysambu. Mtu mmoja kwa kila chati ishirini. Rongai ni zaidi ya mtu mmoja kwa kila chati tatu. Na kwa sababu kosa langu la kwanza lilikuwa limenipa bei ya kila tawi likiwa peke yake, niliweza kupiga hesabu. Roysambu chati ya 65, mara ishirini, ni 1,300 kumpata mteja mmoja. Rongai chati ya 100, mara 2.75, ni 275.

Lile tawi ambalo ripoti yangu ilikuwa inaonyesha kama mzigo, ndilo lilikuwa linatuletea mteja kwa bei ya chini kuliko yote. Na nilikuwa nimebakisha wiki moja na nusu kumwambia bosi alifunge.

Nisijifanye mwanasayansi hapa. Watu wanane ni wachache. Ukiongeza pesa Rongai, wale wa kwanza waliokuwa tayari watakwisha na utaanza kufikia wa kuuliza tu. Nilitarajia ile moja kwa tatu ishuke. Lakini hata ikishuka nusu, Rongai bado inaishinda Roysambu mbali.

Kuweka vikundi kwa tabia, si kwa ramani

Sasa nilikuwa na shida mbili zinazovutana. Nikitenganisha wote wanne, hakuna atakayefika 50. Nikiwaunganisha wote, Roysambu itawala wenzake. Njia ilikuwa katikati, lakini si katikati yoyote ile.

Ukiangalia ramani utasema Nakuru ikae peke yake, kwa sababu iko mbali, halafu zile tatu za huku ziwe kikundi. Hivyo ndivyo ningefanya zamani. Lakini mfumo hauangalii umbali, unaangalia bei ya chati. Ukiweka Rongai na Roysambu kikundi kimoja, Rongai itakufa tena. Kinachofaa ni kuweka pamoja matawi ambayo chati zake zina bei inayokaribiana, ndiyo pasiwe na mmoja anayevuta pesa yote.

Kwa hivyo nikatengeneza kampeni moja, *Ad set* mbili. Ya kwanza, Roysambu na Umoja, zile za 65 na 70. Ya pili, Rongai na Nakuru, zote za 100. Kila moja 800 kwa siku.

Hapo kwa bajeti kuna mtego. Meta itakupendekezea *Advantage+ campaign budget*, yaani uweke 1,600 juu kwa kampeni halafu mfumo ugawe wenyewe. Kwa duka moja ni sawa kabisa. Kwangu ingerudisha ugonjwa uleule, kwa sababu ingeona kikundi cha kwanza ni rahisi, na pesa ingehamia huko. Nikaweka bajeti chini, kwa *Ad set*, ili 800 ya Rongai na Nakuru ibaki yao.

Kuna kitu kilikuwa kinanipa wasiwasi tangu mwanzo. Roysambu na Umoja haziko mbali. Nikichora duara la kilomita 5 kila upande, mtu wa Kariobangi anaangukia yote mawili. Nilikuwa nimesikia kwamba hapo unashindana na wewe mwenyewe, unajipandishia bei. Haiko hivyo. Meta ikiona matangazo mawili ya mwenye biashara mmoja yanamtaka mtu yuleyule kwa mnada mmoja, inaingiza moja tu, lile lenye nguvu. Bei haipandi. Kinachotokea ni kwamba lile lingine linakosa nafasi, linabaki na njaa. Kwa hivyo matawi yaliyo karibu hivi, yakiwa *Ad set* tofauti, moja linaweza kukauka na hutajua kwa nini. Hiyo ilikuwa sababu nyingine ya kuyaweka chumba kimoja.

La mwisho lilikuwa kuacha kuhesabu chati kwa daftari kila Jumapili. Unapotengeneza tangazo la WhatsApp kuna sehemu ya kuandika maswali tayari, mteja anabonyeza tu badala ya kuandika. Nikaweka "Nataka kusukwa Rongai" na "Nataka kusukwa Nakuru" kwa kikundi kimoja, na kwa kingine Roysambu na Umoja. Sasa ujumbe wa kwanza wenyewe unasema tawi. Si wote wanabonyeza, lakini wengi.

Halafu nikafanya kitu kigumu kuliko vyote, nikatoa mkono. Wiki mbili sikugusa chochote.

Kilichotokea

Ripoti ikawa mbaya. Nasema ukweli. Ukiangalia skrini tu ungesema nimeharibu kazi. Kwa zile 22,400, chati zilishuka kutoka 448 hadi 328. Bei ya chati ikapanda kutoka 50 hadi 68. Hiyo huwezi kuweka kwa stetasi.

Lakini kwa viti, wateja walitoka 48 hadi 55. Roysambu 8, Umoja 12, Nakuru 18, Rongai 17. Kile kikundi cha Rongai na Nakuru kilipata kama chati 64 kwa wiki, kwa hivyo kikavuka ile 50 na kikatulia. Na kama nilivyotarajia, Rongai ile moja kwa tatu ilishuka kidogo, chati 58 zikaleta watu 17. Bado nzuri.

Nilienda kumwona Madam na karatasi, si skrinishoti. Nikamwambia ile ripoti ya kwanza nilikosea, nilikuwa nampimia watu wanaouliza badala ya watu wanaolipa. Alinyamaza kidogo halafu akaniuliza, "Kwa hivyo ningefunga Rongai kwa sababu ya simu yako?" Nikasema ndiyo, Madam. Alilipia kodi ya miezi mitatu zaidi. Hakusema Rongai imepona, alisema tutaangalia. Ni sawa. Wateja 17 kwa wiki mbili si utajiri. Lakini wale dada wawili bado wako kazini, na uamuzi utafanywa na hesabu ya kweli.

Baadaye Nakuru ilipata mshirika anayetia pesa yake mwenyewe, na akataka ofa ya kwake, bei tofauti na za Nairobi. Hapo sikubishana na mtu, Nakuru ikapata kampeni yake. Mtu akitoa pesa yake, anataka kuona ilienda wapi, na tangazo lenye bei ya Nakuru haliwezi kumfikia mtu wa Rongai. Nilimwambia kitu kimoja tu. Kwa chati ya karibu 88, anahitaji kama 630 kwa siku ili tawi lisimame peke yake. Aliweka 650. Rongai ikabaki peke yake kwa *Ad set* yake, na hizo 800 zinaitosha.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na mtaniambia kama mnapinga. Tenganisha kampeni pale pesa ni ya mtu tofauti au ofa ni tofauti, na bajeti inafika ile hesabu ya 50. Kama haifiki, unganisha, lakini unganisha matawi ambayo bei ya chati inafanana, hata kama moja liko Kajiado na lingine Nakuru. Na kabla uunganishe, yaendeshe tofauti hata wiki moja, ili ujue bei ya kila moja. Ukishachanganya, hiyo bei huwezi kuitoa tena.

Yule dada wa Rongai bado hunipigia. Siku hizi anasalimia kwanza. Juzi aliniambia Jumamosi wamejaa hadi mtu ameketi kwa ndoo akingoja. Nilicheka, halafu nikamuuliza walisema walitoka wapi. Akasema hajauliza. Nikamwambia auandike kwa kitabu, kila mtu, hata wa kwa ndoo.